Kitu ulichoongeza kwenye kona ya picha ya simu hakikai sawa: dalili, sababu na marekebisho

Mteja ana picha ya duka lake la Birere, hapa Goma, imepigwa kwa lenzi ya 0.5× ili ukuta mzima wa mawe meusi uingie. Anataka chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, iongezwe upande wa kulia, chini. Unaikata chukudu kwenye picha nyingine, unaibandika, unarekebisha mwanga na rangi, na bado kila anayeitazama anasema, «hii imebandikwa». Kosa huwa haliko kwenye rangi. Lenzi pana huvuta vitu vilivyo pembeni, na kitu ulichokileta kutoka katikati ya picha nyingine hakijavutwa.

Mwongozo huu unafuata dalili moja baada ya nyingine. Anza na vipimo viwili vya mwanzo, kwa sababu marekebisho yote yanavitegemea.

## Kabla ya kugusa chochote

Kwanza, jua picha imepigwa kwa lenzi gani. Fungua maelezo ya faili kwenye simu na utafute milimita zinazolingana na filamu ya mm 35. Lenzi ya 0.5× ya simu nyingi iko karibu na mm 13, na ile ya kawaida, ya 1×, iko kati ya mm 24 na 26. Ukishaipata namba hiyo, tafuta kipimo cha lenzi kwa pikseli, ambacho tutakiita K. Kwa picha ya 4:3:

```
K = upande mrefu wa picha × mm ÷ 34.6
```

Picha ya pikseli 4000 × 3000 iliyopigwa kwa mm 13 ina K ya 1500. Picha ya ukubwa huohuo iliyopigwa kwa mm 26 ina K ya 3000. Ikiwa picha ni ya 16:9 na simu imekata juu na chini tu, upana haujaguswa, kwa hiyo hesabu ni ileile.

Kama maelezo ya faili yamepotea lakini simu ipo, pima mwenyewe. Simama mita 1.5 kutoka ukutani, simu ikiutazama ukuta uso kwa uso, na weka alama ya chaki pale picha inapoanzia kushoto na inapoishia kulia. Pima kati ya alama hizo kwa mita ya fundi. Ukipata mita 4 na picha ina upana wa pikseli 4000, basi K ni 4000 × 1.5 ÷ 4, yaani 1500.

Pili, tafuta katikati ya picha. Kwenye programu ya GIMP weka mistari miwili kwa `Image > Guides > New Guide (by Percent)`, asilimia 50 kwa wima na 50 kwa mlalo. Kama GIMP yako iko kwa Kifaransa, majina ya menyu yatabadilika lakini vitufe tutakavyotaja ni vilevile. Mistari miwili inapokutana ndipo lenzi ilipokuwa inatazama, na mvuto wote unahesabiwa kutoka hapo.

Kuna kipimo kimoja zaidi, cha macho tu: je, simu ilishikwa wima sawasawa? Tazama nguzo, fremu za milango na pembe za kuta. Zikiwa wima kote, hata pembeni, simu ilikuwa sawa, na mstari wa mlalo wa katikati ndio urefu wa kamera. Kila kitu kilichokuwa kwenye urefu huo, karibu au mbali, kinagusa mstari huo. Zikiwa zinakaribiana kwa juu au kwa chini, simu ilielekezwa juu au chini, na hapo soma dalili ya tano kabla ya nyingine.

## Dalili ya 1: Mtu aliyeongezwa anaonekana mwembamba kuliko mazingira yake

Hili ni kosa la kawaida.

Sababu ya kawaida ni kwamba mtu hajavutwa kabisa. Inayofuata ni kwamba amekuzwa mzima, urefu na upana pamoja, na sasa amekuwa jitu linalopita mlango. Ya nadra ni kwamba amevutwa kwa kiasi cha lenzi nyingine, kwa mfano kiasi cha 1× kwenye picha ya 0.5×.

Jambo la kushika ni hili: simu ikiwa sawa, watu wawili wenye kimo kimoja waliosimama kwenye mstari mmoja sambamba na ukuta wana urefu uleule kwenye picha, mmoja awe katikati na mwingine kwenye ukingo kabisa. Kinachobadilika ni upana. Kwa hiyo usikuze, panua.

Chukua umbali wa mlalo kutoka mstari wa wima wa katikati hadi kati ya mwili wa mtu. Uite D. Upana unazidishwa kwa:

```
√(1 + (D ÷ K)²)
```

Kwa lenzi yenye K ya 1500, mtu aliye pikseli 750 kutoka katikati anapanuka mara 1.12, jambo ambalo macho mengi hayaligundui. Akiwa pikseli 1500 anapanuka mara 1.41. Akiwa pikseli 2000, yaani ukingoni kabisa mwa picha ya 4000, anapanuka mara 1.67. Kwa lenzi ya kawaida yenye K ya 3000, ukingo huohuo unampanua mara 1.20 tu. Ndiyo maana fundi aliyezoea picha za 1× huweza kufanya kazi kwa miaka bila kuliona tatizo hili, kisha likamzidi siku anapoletewa picha ya 0.5×.

Kwenye GIMP, weka kwanza urefu sahihi ukilinganisha na mlango au mtu mwingine aliye kwenye mstari uleule. Kisha bonyeza `Shift+S`, fungua mnyororo unaounganisha upana na urefu, na ubadilishe upana peke yake. Mtu wa pikseli 200 aliye kwenye D ya 1500 anakuwa na pikseli 282. Ukimtazama peke yake ataonekana mnene kupita kiasi, na wengi hapo huogopa na kumrudisha nyuma. Usimrudishe. Sogeza picha nzima mbali na macho na umlinganishe na pipa au gari lililokuwa pembeni tangu mwanzo. Hivyo navyo vimenenepa.

Tahadhari moja: simu nyingine hurekebisha zenyewe nyuso na miili ya watu walio pembeni, huku ukuta nyuma yao ukibaki umevutika. Ukimwona mtu wa asili kwenye kona ya picha ambaye kichwa chake hakijapanuka hata kidogo, ingawa hesabu inasema kingepanuka mara 1.5, simu imeshaingilia kati. Hapo fuata watu waliomo kwenye picha, usifuate kanuni.

## Dalili ya 2: Umevuta, lakini sasa mtu anaegemea au miguu imepinda

Sababu ya kwanza ni kuvuta kwa mshazari. Mtu amesoma mahali kwamba vitu vya kwenye kona huvutika kuelekea nje kutoka katikati, akageuza picha, akavuta, akairudisha. Miguu ikaondoka kwenye wima. Ukuta nyuma yake una fremu ya mlango iliyosimama sawasawa, na yeye amelala kama mti uliosukumwa na upepo.

Yote mawili ni kweli, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Mpira ulio chini kwenye kona huvutika kweli kwa mshazari: unakuwa yai ambalo ncha yake inaelekea katikati ya picha. Lakini nguzo iliyo palepale inabaki wima. Tofauti iko kwenye namna kitu cha kuongeza kilivyopigwa. Mpira ni uleule kutoka kila upande, kwa hiyo unaweza kuuchukua popote na kuuvuta kwa mshazari. Mtu, pikipiki, meza na kila chenye wima wake vinatakiwa vipigwe na simu iliyoshikwa sawa, kwa urefu uleule wa kamera ya kwanza, vikiwa katikati ya picha kwa upande wa kushoto na kulia. Vikipigwa hivyo, mvuto wa juu na chini umeshaingia wenyewe, na kinachobaki ni mlalo tu.

Kwa hiyo angalia kwanza picha ulikomtoa mtu. Je, mpiga picha aliinamisha simu kumtazama? Kama aliinamisha, miguu ni midogo na inakaribiana kwa chini, na hakuna kuvuta mlalo kutakakotosha. Piga upya ukiweza. Ni dakika tano za kazi, na zinaokoa saa mbili za kusukuma pikseli.

Kwa vitu vya mviringo pekee, kama mpira au chungwa, njia ya mshazari ni hii. Tafuta pembe ya mstari unaotoka katikati ya picha kwenda kwenye kitu. Kikiwa kulia chini kwa nyuzi 30, bonyeza `Shift+R` na ukigeuze kwa −30, panua kwa `Shift+S`, kisha kigeuze tena kwa +30. Hapa umbali unaouingiza kwenye kanuni ni ule wa mshazari, kutoka katikati ya picha moja kwa moja hadi kwenye kitu.

## Dalili ya 3: Bango au gurudumu limekuwa yai, na halifanani na ukuta

Sababu ya kawaida ni kuvuta kitu ambacho hakikutakiwa kuvutwa. Lenzi pana iliyonyooshwa na simu haipotoshi kitu bapa kilicho sambamba nayo. Bango lililobandikwa kwenye ukuta unaotazamana na simu uso kwa uso linabaki na umbo lake hata likiwa kwenye kona kabisa: duara linabaki duara, mraba unabaki mraba. Ukilipanua mara 1.41 umeliharibu. Libandike tu, bila kuligusa. Kama ukuta umekaa upande, shika pembe nne za bango kwa `Shift+P` na uzilaze kwenye mistari ya ukuta huo.

Sababu ya pili ni ngumu zaidi, na inahusu vitu vyenye magurudumu. Chukudu ndiyo mfano mzuri. Ikisimama sambamba na ukuta wa duka, uso wa kila gurudumu uko sambamba na simu, kwa hiyo kwenye picha sahihi magurudumu yatakuwa duara kamili hata pembeni. Lakini ubao wa kushikia unaokatiza mbele, na unene wa mbao, havilali sambamba na simu. Hivyo vinavutika, tena vinaonekana kutoka upande wa ndani, kwa sababu kamera iko kushoto kwao.

Fundi anayepiga chukudu ubavu moja kwa moja na kuibandika kwenye kona atapata magurudumu sahihi na chukudu bapa kama kibao cha kuchorwa. Hata kiasi gani cha kuvuta hakiwezi kuonyesha upande ambao kamera haikuuona. Dawa ni kupiga chukudu kutoka pembe ileile ambayo kamera ya kwanza ingeiona, kisha kuivuta.

### Chukudu ya duka la Birere, hatua kwa hatua

Picha ya duka: 4000 × 3000, mm 13, K ni 1500. Simu ilishikwa sawa, mita 1.5 kutoka ardhini. Mteja anataka chukudu yenye urefu wa mita 1.8 isimame mita 3 mbele ya kamera, kati yake ikiwa mita 3 kulia. Kwa kuwa umbali wa mbele na wa kulia ni sawa, pembe ni nyuzi 45. Kwenye picha, kati ya chukudu inaangukia D ya 1500, na magurudumu yanagusa ardhi pikseli 750 chini ya mstari wa katikati, yaani mita 1.5 ÷ 3 × 1500.

Ipige chukudu kwa lenzi ya 1×, mm 26, ambayo ina pikseli bora kuliko ile ya 0.5×. Chora ardhini mstari ambao chukudu itasimama juu yake. Kutoka kati ya chukudu, pima mita 3 kwenda kushoto ukifuata mstari huo, kisha mita 3 kurudi nyuma kwa pembe mraba. Hapo ndipo unasimama. Shika simu kwenye urefu wa mita 1.5, sawa kabisa bila kuinamisha, na ugeuke hadi kati ya chukudu iwe kwenye mstari wa wima wa katikati ya kioo. Magurudumu yataonekana membamba, upana wake ukiwa kama sehemu 7 kati ya 10 za urefu wake. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kwenye picha hiyo ya pili, kata mstatili kuanzia x 1400 hadi 2600 na y 1500 hadi 3000, yaani pikseli 1200 × 1500. Ukingo wake wa juu ni mstari wa katikati wa picha, na chukudu nzima iko chini yake kwa sababu ni fupi kuliko urefu wa kamera. Ondoa mandharinyuma, acha kivuli kidogo pale magurudumu yanapogusa ardhi, na ihifadhi kama PNG bila kupunguza mstatili huo. Ukiupunguza, pembe nne hazitalingana tena.

Sasa pembe nne za mstatili zinapelekwa mahali pake kwenye picha ya duka. Ya juu kushoto inakwenda (3000, 1500), ya juu kulia (4250, 1500), ya chini kulia (4250, 2826), ya chini kushoto (3000, 2384). Pembe mbili zinatoka nje ya picha, na hilo si kosa. Chukudu yenyewe inaishia karibu na x 3950. Kwenye GIMP tumia `Shift+P` na uvute kila pembe huku ukisoma namba zilizo chini ya dirisha. Mwenye ImageMagick kwenye Linux anaweza kufanya kwa amri moja:

```
magick duka.jpg \( chukudu.png +repage -virtual-pixel transparent \
  +distort Perspective '0,0 3000,1500 1200,0 4250,1500 1200,1500 4250,2826 0,1500 3000,2384' \) \
  -flatten matokeo.jpg
```

Tazama umbo lililopatikana: upande wa nje ni mrefu mara moja na nusu kuliko wa ndani. Kwa mtu mwembamba tofauti hiyo ni ndogo, ndiyo maana kupanua tu kulitosha kwenye dalili ya kwanza. Kwa kitu kirefu kama chukudu, pikipiki au meza ya kuuzia, ukipanua bila kurefusha upande wa nje, gurudumu la nje litaelea juu ya ardhi na la ndani litazama.

Ukaguzi ni rahisi na hauhitaji hesabu. Chukua kifaa cha kuchagua kwa duara, buruta juu ya kila gurudumu, na usome upana na urefu. Vikiwa sawa, au tofauti yake haizidi pikseli chache, umefika. Gurudumu likiwa bado jembamba, ulisimama kwenye pembe kubwa kuliko nyuzi 45 au K uliyotumia ni kubwa mno. Likiwa pana kuliko urefu wake, mambo ni kinyume chake. Magurudumu ya chukudu huchongwa kwa mbao na kuvishwa mpira wa tairi kuukuu, kwa hiyo pima ukingo wa mpira, si ubao wa ndani uliokwisha kulika upande mmoja.

Kaguzi ya pili: chini ya magurudumu yote mawili pitisha mstari. Unatakiwa uwe mlalo na uangukie y 2250. Ukipanda au kushuka, simu ya pili iliinama.

## Dalili ya 4: Kitu kimenyooka, lakini mandhari nyuma yake imepinda

Ukingo wa bati la paa uko karibu na juu ya picha, na ukiwekea mstari ulionyooka unaona bati limebinuka katikati kama upinde. Hapa lenzi haijanyooshwa, na kanuni za juu hazifanyi kazi hadi inyooshwe.

Angalia kwanza kama mtu alizima marekebisho ya lenzi kwenye simu. Kwenye iPhone marekebisho hayo yapo kwenye `Settings > Camera > Lens Correction`. Kisha uliza kama faili ni RAW, kwa kuwa programu nyingine huifungua bila kuinyoosha. Uwezekano wa mwisho ni kilenzi cha kubana juu ya simu, vile vinavyouzwa barabarani. Hicho hupinda vibaya na kwa namna isiyo sawa kila upande.

Nyoosha mandhari kabla ya kuongeza chochote. Kwenye GIMP fungua `Filters > Distorts > Lens Distortion`, sogeza `Main` kidogo kidogo upande wa hasi, huku macho yako yakiwa kwenye ukingo wa bati. Likinyooka katikati lakini ncha zikabaki zimekunjika, gusa `Edge`. Ukishamaliza, ndipo upime na kuongeza kitu. Usijaribu kumpinda mtu ili afanane na mandhari iliyopinda. Kila kitu kitakachofuata kitataka kupindwa peke yake, na hakuna viwili vitakavyolingana.

## Dalili ya 5: Umefuata hesabu yote, na bado haikai

Uwezekano mkubwa ni kwamba picha ilikatwa. Mteja aliondoa watu upande wa kushoto kabla ya kukutumia, na sasa katikati ya picha si katikati ya lenzi. Dalili ya hilo ni upana usio wa kawaida, tuseme 3370 × 3000. Omba picha ya asili. Kama imekuja kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, imepunguzwa na maelezo yake yameondolewa. Mwambie mteja aitume tena kama dokima, yaani faili, si kama picha. Akisema asili imefutwa lakini anakumbuka alikata upande mmoja tu, ongeza turubai upande huo hadi uwiano urudi 4:3, na utafute katikati upya.

Inayofuata ni simu iliyoinama. Nguzo zikikaribiana kwa juu, simu ilitazama juu, na mstari wa mlalo wa katikati si urefu wa kamera tena. Hapa njia ya pembe nne inataka hesabu ndefu zaidi. Kuna njia fupi isiyohitaji hesabu yoyote: rudi mahali pale pale, kwa simu ileile na lenzi ileile ya 0.5×, ielekeze kama awali, na uweke kitu halisi kwenye kona ile ile. Lenzi itakivuta yenyewe kiasi kinachotakiwa. Kata na ubandike bila kubadilisha ukubwa hata kidogo. Kusema kweli, kila inapowezekana kurudi mahali hapo, hii ndiyo njia ya kwanza kujaribu kwa dalili zote.

Nadra zaidi ni picha ya panorama, iliyounganishwa kwa kuizungusha simu. Hiyo haifuati kanuni ya lenzi moja. Mistari ya mlalo inapinda kwa kawaida yake, na watu walio pembeni hawapanuki. Usitumie chochote cha hapo juu.

## Dalili ya 6: Umbo ni sahihi, lakini kitu kinaonekana kikali na wazi kuliko jirani zake

Kona za lenzi ya 0.5× huwa laini kuliko katikati, na simu yenyewe imezivuta wakati wa kuzinyoosha. Kitu kilichopigwa kwa 1× kinakuja kikali mno. Kilainishe kwa ukungu wa pikseli 0.5, tazama kwa ukubwa wa asilimia 100, ongeza hadi 1 au 1.5 kama bado kinajitenga na mawe yaliyo kando yake. Fanya hivi mwisho, baada ya kuvuta, kamwe si kabla.

## Hapa simama

Kama picha itachapwa kwenye paneli kubwa ya barabarani, chapa kwanza kipande cha kona kwa ukubwa kamili kwenye karatasi na ukitazame ukiwa mbali. Pikseli 900 za chukudu zinatosha kwenye afishi ya A3. Kwenye paneli ya mita kadhaa utaziona moja moja, na kuzikuza hakutaongeza undani. Kazi hiyo mpe mpiga picha mwenye kamera kubwa.

Kama kitu kinachotakiwa hakipo kabisa kwa ajili ya kupigwa, kwa mfano gari ambalo bado halijanunuliwa, na picha zilizopo zote ni za ubavu, acha kuvuta. Anahitajika mtu wa michoro ya pande tatu, ambaye ataweka kamera yake kwenye mm 13 na kulipata gari kutoka pembe sahihi.

Na kama picha ni ya mgogoro wa kiwanja, ajali, bima au polisi, usiongeze kitu hata kimoja, wala usinyooshe lenzi juu ya faili ya asili. Mvuto wa pembeni hubadilisha umbali unaoonekana kati ya gari na mtu au kati ya ukuta na mpaka, na faili ikiguswa haitaaminika tena. Ihifadhi kama ilivyo na uikabidhi kwa mpimaji au wakili.